Sura moja, sare tatu: shajara ya kuvalisha sare kwenye picha

11 Januari 2025: kazi imepokelewa

Chuo kimoja cha kati hapa Dar es Salaam kinataka bango la kutangaza kozi zake. Juu ya bango asimame msichana mmoja mara tatu, kwanza muuguzi, kisha mpishi wa hoteli, kisha fundi wa kuchomelea. Picha ya msichana wanayo. Ilipigwa kwenye mahafali yao ya mwaka jana akiwa amevaa fulana nyeusi, na tabasamu lake ndilo lililowapendeza. Mimi niiondoe fulana, niweke sare mahali pake, mara tatu. Malipo ni shilingi 350,000, na karatasi ni A1, yaani ukubwa ambao mtu akisogea karibu anahesabu vifungo.

Nimejiwekea sharti moja. Hakuna sare itakayotoka hapa kabla haijapita mbele ya mtu anayeivaa kila siku. Nimewapata watatu. Wa kwanza ni jirani yangu muuguzi, ambaye mtaa mzima tunamwita Sista. Wa pili ni shefu wa hoteli moja ya ufukweni, na wa tatu fundi wa mageti aliye karakana ya nyuma ya nyumba yetu. Picha itaishia chini kidogo ya kiuno. Nimewaomba wenye kazi wakubali hilo, maana suruali na viatu vingeniongezea kazi maradufu.

Natumia programu ya kuhariri picha ya GIMP 2.10, kompyuta ya zamani na kamera yenye lenzi moja tu ya maana.

14 Januari: sare za mtandaoni zimeshindwa

Siku mbili nimepoteza kwa kukata sare kutoka picha za maduka ya mtandaoni. Ukitazama ndogo unafurahi. Ukikuza, kitambaa kinageuka uji, kwa sababu picha ya duka ina upana wa pikseli 1,000 hivi na bango langu linataka mara nne au tano ya hapo. Tena sare za madukani huwa zimevalishwa sanamu na kubanwa kwa pini mgongoni, kwa hiyo mikunjo yake si ya mtu aliyesimama akipumua.

Nimeamua kupata sare halisi na kuzipiga picha mwenyewe. Skrabu za muuguzi nimezipata kwa wauza mitumba wa Karume, Ilala, kwa shilingi 7,000 juu na chini. Marobota ya mitumba huwa na skrabu nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila uzikague, kwani baadhi zina nembo ya hospitali ya huko zilikotoka imedariziwa kifuani, na hiyo haifutiki kirahisi kwenye picha. Koti la shefu nimeazimwa, nimelipia 3,000 za kulifua na kulipiga pasi. Ovaroli pia la kuazima.

Rangi ya skrabu ilizua mjadala mfupi na mkuu wa masomo. Alitaka kijani kwa sababu "ndiyo ya hospitali". Kijani kweli kina historia yake: mwaka 1914 daktari wa upasuaji Harry Sherman wa San Francisco aliacha nguo nyeupe, akachagua kijani, kwa kuwa weupe chini ya taa kali ulimuumiza macho. Jicho lililokazia damu nyekundu kwa muda mrefu likihamia kwenye kitambaa cheupe huona madoa ya kijani, na kitambaa cha kijani huyameza madoa hayo. Lakini bango linaonyesha wodi, si chumba cha upasuaji, na rangi ya skrabu huamuliwa na kila hospitali au chuo. Nikauliza wanafunzi wao huvaa nini kwenye mazoezi. Bluu iliyokoza. Basi ni bluu.

18 Januari: hakuna ngozi chini ya fulana

Leo nilikwama mahali ambapo ningepaswa kupaona tangu siku ya kwanza.

Mikono ya skrabu ni mifupi na mipana, inaishia katikati ya mkono wa juu. Fulana ya msichana kwenye picha ya mahafali inafika karibu na kiwiko. Nilipoweka skrabu juu yake, kati ya ukingo wa mkono wa skrabu na kiwiko pakabaki fulana nyeusi. Nikaifuta. Ikawa tundu. Chini ya nguo iliyopigwa picha hakuna ngozi, kuna picha ya nguo tu. Nilijaribu kujaza kwa `Clone` nikichukua ngozi ya mkono wa chini, ukatoka mkono kama wa mdoli, hauna mzunguko wa msuli wala kivuli cha ndani.

Anayetaka kuifuata kazi hii nimwambie hivi: nguo mpya ikifunika eneo kubwa kuliko ya zamani, utafanikiwa. Ikifunika dogo, piga picha upya. Koti la shefu lina mikono mirefu, lingekaa juu ya fulana ile bila shida. Skrabu haikubali.

Kuna la pili, na hili ni la hila zaidi. Nilijaribu koti jeupe juu ya picha ileile. Kila kitu kilikaa pake, shingo ikaingia kwenye kola, lakini uso ukawa kama umebandikwa kwa gundi. Nilizunguka nao saa nzima kabla sijagundua sababu: kidevu. Nguo nyeupe kifuani hurudisha mwanga juu, ukaangaza chini ya kidevu na pande za shingo. Msichana alikuwa na fulana nyeusi, ambayo hairudishi chochote, hivyo chini ya taya pake ni giza. Jicho la mtazamaji halijui kueleza kasoro, ila linakataa.

Ule mpango wa sura moja kwa sare tatu umekufa hapo. Nimempigia mkuu wa masomo, akaguna, akakubali msichana aje studio.

25 Januari: picha mpya

Amekuja na mama yake. Nimemlipa 30,000.

Amevaa singlendi, mabega na mikono wazi. Kwa picha ya muuguzi nilimzungushia kifuani kipande cha kitambaa cha bluu iliyokoza, kwa ya mpishi kitambaa cheupe, kwa ya fundi kitambaa cha kaki. Mita moja moja, vipande viwili nimenunua kwa jumla ya 8,000, kaki nilikuwa nayo. Vitambaa hivyo havitaonekana kwenye bango, kazi yao ni kupaka kidevu mwanga wa rangi inayostahili. Tofauti inaonekana hata kwenye kioo cha kamera. Chini ya taya pametulia kwa bluu, pakang'aa kwa nyeupe.

Taa moja yenye softboksi ya kulainisha mwanga, upande wa kushoto wa kamera, juu kidogo ya kichwa. Ukutani kulia nimeegesha ubao mweupe ulegeze kivuli. Nimeweka alama za tepu sakafuni kwa miguu yake, kwa stendi ya kamera na kwa taa, nikapima urefu wa lenzi kutoka chini: mita 1.35. Vipimo hivyo nimeviandika ukutani, kwa sababu sare nazo zitapigwa hapohapo.

Nywele zake za kusuka nimeomba zifungwe chini kisogoni. Kofia ya shefu hukaa juu ya paji, na kama nywele zimefura pembeni, kofia inaelea kama sufuria juu ya jiwe la jiko.

27 Januari: nimegeuza picha, nikajiharibia

Sare nilizipiga jana, zimevalishwa mdogo wangu ambaye umbo lake halitofautiani sana na la msichana. Siku hiyo hapakuwa na umeme. Badala ya kusubiri, nikatumia mwanga wa dirisha, ambalo studio yangu inalo upande wa pili. Mwanga ukatoka kulia. Nikajiambia si neno, nitageuza picha kama kwenye kioo kwa `Flip Horizontally`, na mwanga utahamia kushoto.

Ulihamia. Skrabu ikakaa vizuri ajabu. Nikamwita Sista.

Alitazama kidogo tu. "Mfuko umefuata nini upande huo?"

Mfuko wa kifuani wa skrabu hushonwa kushoto, kwa kuwa watu wengi huandika kwa mkono wa kulia na mkono huo ndio unaovuka kifua kuchukua kalamu. Mimi nilikuwa nimeugeuza pamoja na nguo, uko kulia. Mtu wa kawaida asingeona. Ila mtu wa kawaida siye anayelengwa na bango. Wanaolengwa ni wazazi na wanafunzi, na kati yao wamo walio na dada au shangazi wodini.

Nikadhani koti la shefu litanusurika. Koti hili lina safu mbili za vifungo, kwa kawaida vitano vitano, na upande wa mbele una kitambaa mara mbili. Vitundu vya vifungo viko pande zote mbili, hivyo unaweza kulifunga kushoto juu ya kulia au kinyume chake. Mpishi akijimwagia mchuzi jikoni, hufungua, hugeuza ubavu, na ule msafi unakuja juu kabla hajatoka kwenda kuonana na wageni. Tabaka hizo mbili pia humkinga na mvuke na mafuta yanayoruka. Basi kwenye koti la shefu, tofauti na shati, hakuna upande wa kufunga ulio wa makosa. Nilikuwa na uhakika.

Shefu akaipanua picha kwenye simu yake, akanijibu kwa ujumbe wa sauti: vifungo sawa, hufungwa kokote, lakini kile kijifuko cha mkononi kimekwenda wapi? Juu ya mkono wa kushoto wa koti lake kuna mfuko mwembamba wenye mishono miwili, wa kuchomeka kipimajoto cha chakula na kalamu. Sababu ni ileile ya skrabu. Kwenye picha yangu kilikuwa mkono wa kulia.

Nilifikiria kukata kijifuko na kukihamisha. Nikajaribu. Mwanga wake ukawa wa upande mwingine na mikunjo inayokizunguka haikukifuata. Kazi ya saa sita nimeitupa. Umeme umerudi leo, nimezipiga sare zote upya, taa kushoto, kamera kwenye tepu, urefu mita 1.35.

2 Februari: skrabu

Namna nilivyoijenga, kwa anayetaka kufuata. Nimeikata skrabu kwa `Paths Tool`, si kwa kifutio, nikapita kwenye ukingo wa kola ya V kwa subira kwa sababu ukingo huo ndio unaoonekana kwanza. Nimeilinganisha na mabega ya msichana kwa `Warp Transform`, nikisukuma kidogo kidogo. Mpangilio wa leya kutoka juu kwenda chini:

```
saa na kitambulisho     Normal
kivuli cha kola         Multiply   55%
skrabu (Layer Mask)     Normal
msichana                Normal
```

Kivuli cha kola kilinigomea. Nilikipaka kwa nyeusi, shingo ikawa na rangi ya majivu, kama mtu aliyeoga akasahau kujipaka mafuta. Ngozi nyeusi haiingii kivulini kwa kuwa ya kijivu, inaingia kwa kuwa ya hudhurungi iliyokoza yenye wekundu ndani yake. Nilichukua rangi kutoka kivuli halisi kilicho chini ya sikio lake kwa `Color Picker`, nikapaka kwa hiyo. Tatizo likaisha.

Kisha saa. Wauguzi wengi hawavai saa ya mkononi wakiwa kazini, maana kuanzia kiwiko kwenda chini mkono unatakiwa kuwa wazi ili kunawa kuwe kamili. Badala yake hubandika saa ndogo kifuani, inayoning'inia kwenye pini. Nilinunua moja Kariakoo, 12,000, nikaipiga picha juu ya meza na kuiweka mahali pake, namba 12 ikiwa juu, kama saa yoyote.

Sista alicheka. "Hiyo ameivalia nani? Yeye au wewe unayemtazama?"

Saa ile hupachikwa kichwa chini. Muuguzi akiinua kwa kidole, inamgeukia yeye, na 12 inakuwa juu kwake. Kwa anayemtazama kutoka mbele, 12 iko chini, karibu na kitovu, na 6 ndiyo iliyo upande wa pini. Mimi, kwa wema wa kutaka isomeke, nilikuwa nimeipiga picha 12 ikiwa juu. Nikaizungusha, na hapo likaja jingine dogo: mng'ao wa taa kwenye kioo ulikuwa umegeuka nayo, unatoka chini kulia. Nimeufuta kwa `Heal` na kuchora mpya juu kushoto. Mshale wa sekunde nimeuacha, kwa sababu ndio wanaohesabia mapigo.

Kabla hajaondoka akanyoosha kidole kwenye mkono uliowekwa kiunoni. "Na kucha hizi haziingii wodini kwangu."

Zilikuwa ndefu, zimepakwa rangi ya waridi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu usafi wa mikono unataka kucha za asili, fupi, chini ya nusu sentimita, na hautaki za bandia. Sare ilikuwa sahihi, aliyeivaa hakuwa. Kuzifupisha kwenye picha kulinichukua saa moja na nusu kwa vidole vinne, maana ncha ya kidole iliyo nyuma ya ukucha nayo haipo kwenye picha, sawa na ngozi ya chini ya fulana. Ningemwambia akate siku ile. Mpishi naye nimemfanyia hivyo hivyo. Fundi atakuwa na glavu, kanusurika.

Kitambulisho kifuani nimekiacha bila jina wala namba. Muuguzi Tanzania husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na huyu ni msichana wa bango. Wiki hii kijana mmoja alinikuta na skrabu kwenye kioo cha kompyuta, akaomba naye nimvalishe, na stetoskopu, na beji yenye jina lake, akatumie kwenye maombi ya kazi nje ya nchi. Nikamwambia bei ya picha ya pasipoti ni 5,000 na fulana aje nayo.

6 Februari: koti la shefu, na weupe uliopotea

Picha ya kwanza ya koti ilikuwa karatasi tupu. Kamera iliona weupe ukajaa hadi 255, kikomo cha juu, na palipojaa hivyo hakuna mshono, hakuna tundu la kifungo, hakuna alama ya tabaka la pili. Kuipunguza mwanga kwenye kompyuta hakusaidii, unapata kijivu kitupu badala ya nyeupe tupu. Kwa bahati nilikuwa nimepiga nyingine yenye mwanga mdogo zaidi kwa stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Hiyo nimeiinua kwa `Levels` hadi sehemu angavu ikafika 240, nikaangalia kwa dirisha la `Pointer`. Ikibaki chini ya 245, uzi wa mshono unaonekana na bado mtu anasema koti ni jeupe.

Kosa lililonigharimu zaidi lilikuwa la vifungo. Kulivuta koti lifuate kifua cha msichana kwa `Warp Transform` kulipindisha safu. Kifungo cha tatu cha kushoto kilipanda, cha kulia kikabaki. Nikaona kasoro, nikachukua kifungo kimoja na kukinakili, nikafuta kilichopinda. Kisha kingine. Mwisho kushoto vilikuwa vitano, kulia vinne. Sikuona. Msichana wa duka la vocha alipita nyuma yangu akauliza kwa nini kimoja kimeanguka.

Sasa nimeweka mistari ya `Guides` mitano ya mlalo kabla ya kuvuta chochote. Vifungo vya pande mbili hukaa jozi, kwa kimo kimoja, na mstari mmoja kwa kila jozi unakuonyesha papo hapo. Baada ya kuvuta, nimevifuta vyote kumi na kuvirudisha kutoka picha ya asili, kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa na kivuli chake chini kulia. Ni vile vya kamba ya kitambaa iliyofundikwa, ambavyo haviyeyuki kwa joto na huhimili kufuliwa kwa maji moto. Nimetaja kwa sababu mara ya kwanza nilivipa mng'ao wa dhahabu, nikidhani vinapendeza. Shefu alisema huyo ni bawabu wa mlangoni.

Aproni ilikuwa ile ya kifuani yenye kitanzi cha shingoni. Imefunika nusu ya vifungo nilivyovihangaikia, na jikoni kwake wenye koti la safu mbili huvaa aproni ya kiunoni. Kamba huzungushwa nyuma na kurudishwa kufungwa mbele, ili ikishika moto au ikimwagikiwa uifungue bila kupapasa mgongoni. Kitambaa cha kushikia vyungu huchomekwa kwenye kamba hiyo, ubavuni. Nimebadilisha.

9 Februari: fundi

Huyu alikuja haraka kwa sababu nilishajifunza kuuliza kabla ya kuchora. Nilimpelekea fundi picha ya majaribio, mikono ya ovaroli imekunjwa hadi kiwiko, kola wazi, miwani myeupe ya plastiki usoni. Ilipendeza, ukweli.

"Huyu ataungua, ndugu yangu," akasema, akanionyesha mkono wake wa kulia wenye vidoti vyeusi.

Cheche huanguka na kutafuta pa kukaa. Kunjo la mkono ni bakuli, mfuko ulio wazi ni bakuli, kola iliyofunguliwa inaelekeza kifuani. Kwa hiyo mikono imeshuka hadi kwenye glavu ndefu za ngozi, kola imefungwa juu, na mifuko ya kifuani nimeipa vifuniko kwa kukata kipande cha ovaroli lilelile sehemu ya chini. Mkanda wa kung'aa uliokuwa begani nimeufuta, kwani ni plastiki na huyeyuka. Kitambaa chenyewe pia kilikuwa na mng'ao wa polista. Nimeushusha kwa `Curves` sehemu angavu peke yake, kikawa na sura kavu ya pamba.

Miwani myeupe ni ya kusaga kwa grainda. Wa kuchomelea kwa fimbo anahitaji barakoa yenye kioo cheusi, namba 10 hivi kwa kazi za kawaida za mageti. Nimeiweka imeinuliwa juu ya kichwa ili tabasamu waliloliagiza lionekane. Niliiazima karakana na kuipiga kwenye tepu zilezile. Kioo chake nikaona kimeakisi softboksi na mimi mwenyewe nimeinama nyuma ya kamera. Nimejifuta.

15 Februari: bluu imekuwa zambarau

Jaribio la kwanza la kuchapa, A3, shilingi 2,500. Skrabu imetoka zambarau. Bluu ile iliyokoza kwenye kioo cha kompyuta haipo kwenye wino wa mashine ya kuchapa, nayo huitafuta kwa kuchanganya wino wa samawati na wa magenta, na magenta ikizidi kidogo tu unapata vazi la kwaya. Nimepunguza wekundu kwenye leya ya skrabu peke yake kwa `Color Balance`, nikaisogeza kidogo kuelekea samawati. Kwenye kompyuta sasa inaonekana imepauka na mkuu wa masomo alilalamika. Nikampelekea karatasi badala ya faili. Jaribio la tatu ndilo lililopita.

Hesabu: skrabu 7,000, kufua koti 3,000, vitambaa 8,000, saa 12,000, nauli 9,000, msichana 50,000 (alirudi mara ya pili kwa 20,000, picha ya fundi ilikuwa na jicho moja limefumba), majaribio matatu ya kuchapa 7,500. Jumla 96,500. Saa za kazi nilizoandika ni 41, na kati yake zaidi ya 12 ni za vitu nilivyovitupa.

Bango limepelekwa leo. Imebaki kasoro moja ninayoijua: bega la kulia la koti la shefu, mshono umesogea mbele sentimita moja hivi kuliko wa kushoto, uliachwa na `Warp Transform` na niliuona faili likiwa limeshaenda. Shefu hajausema. Sista, ambaye si koti lake, ameuona.